Nakala ya Saa Nane Usiku

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi mmoja wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, alikuwa akihangaika na seva mbili za hifadhidata. Moja ndiyo iliyokuwa ikihudumia wateja. Ya pili ilikuwa pacha wake, nayo ilikuwa imekwama. Alikusudia kufuta faili za ile iliyokwama ili aanze upya, lakini amri akaiendesha kwenye ile iliyo hai. Alishtuka mara moja akaikatiza, ila kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5.

Kukosea seva usiku ukiwa umechoka ni jambo linaloweza kumpata fundi yeyote. Linalostahili kusomwa ni lile lililofuata. Kampuni ilikuwa na utaratibu wa kutoa nakala ya hifadhidata kila siku na kuituma kwenye ghala la Amazon S3. Walipokwenda kuitafuta, hapakuwa na kitu. Programu ya kutolea nakala, `pg_dump`, ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata yenyewe ilikuwa PostgreSQL 9.6, na programu ya zamani hukataa kusoma hifadhidata mpya kuliko yenyewe. Kila siku ilikataa, ikatoa taarifa ya kosa, na taarifa ikatumwa kwa barua pepe. Barua hizo nazo zilikuwa zikirudishwa njiani kwa sababu hazikuwa na sahihi ya kidijitali iliyotakiwa na mpokeaji. Hakuna aliyeona kitu. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo fundi alikuwa ameipiga kwa mkono saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Hata hivyo kazi ya saa hizo sita ilipotea, na kuirudisha huduma kulichukua karibu siku nzima.

GitLab waliyaandika yote hayo hadharani, na ndiyo maana tunaweza kujifunza kwao. Mimi naona somo kubwa ni moja: nakala ya usiku haifi kwa kishindo. Hufa kimya, na kifo hicho hugunduliwa siku inapohitajika. Ukiongeza na kazi ya kufuta nakala za zamani, ambayo lazima ifanyike, hatari inakuwa kubwa zaidi, kwa sababu kazi ya kufuta haikwami hata kama ile ya kutengeneza imekwama. Makala haya yanafuata njia ya nakala moja tangu inapotoka kwenye seva hadi siku inapofutwa, na kuangalia ni wapi hasa hufia.

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama elfu nne. Amana, mikopo na marejesho yao yote yamo kwenye hifadhidata ya PostgreSQL yenye gigabaiti 6, katika seva moja ya kukodi. Ofisi hufungwa jioni, na miamala ya simu hupungua kabisa baada ya usiku wa manane. Kwa hiyo wakati mzuri wa kutoa nakala ni saa nane usiku. `pg_dump` haihitaji kusimamisha huduma: huchukua sura ya hifadhidata ilivyokuwa nukta ile ilipoanza, na mwanachama atakayetuma pesa dakika mbili baadaye ataingia kwenye nakala ya kesho. Ikibanwa, ile gigabaiti 6 hushuka hadi kama megabaiti 900. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, hizo ni dakika 12 za kutuma.

Nakala inatumwa kwenye ghala la mtandaoni la aina ya S3. Ghala hili si diski ya kawaida. Huwezi kufungua faili ndani yake ukabadilisha mstari mmoja. Unaweka faili nzima kwa jina lake, unaichukua nzima, au unaifuta. Mafundi huita chombo kinachobeba faili hizo baketi, na ndani ya baketi majina hupangwa kwa viambishi kama `kila-siku/` na `kila-mwezi/`. Amazon ndio walioanza mwaka 2006, na leo kampuni nyingi huuza huduma inayofuata mtindo uleule wa amri. Faida yake kubwa kwa chama chetu ni kwamba ghala liko mbali na seva. Moto ulipoteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, Machi 2021, baadhi ya wateja waligundua kuwa nakala zao zilikuwa hapohapo kwenye moto.

Lakini kitu kilicho mbali kiko mikononi mwa wengine, na humo mna majina, namba za simu na madeni ya watu. Ndiyo maana nakala husimbwa kabla haijaondoka kwenye seva. Hapa kuna uamuzi mmoja ambao wengi huukosea: wanatumia nywila moja ya kufungia na kufungulia, kisha wanaiandika ndani ya skripti ileile iliyo kwenye seva. Mwizi akiingia kwenye seva anapata nywila, na kwa nywila hiyo anafungua nakala zote za mwaka mzima. Njia bora ni kutumia jozi ya funguo. Programu ndogo iitwayo `age` hutengeneza jozi hiyo: ufunguo wa wazi, unaoanza na `age1`, na ufunguo wa siri, unaoanza na `AGE-SECRET-KEY-1`. Wa wazi huweza kufunga tu, na ndio pekee unaokaa kwenye seva. Wa siri hautakiwi kuonekana huko kamwe. Uchapishwe kwenye karatasi, uwekwe ndani ya sefu ya chama, na nakala nyingine ikae kwa mwenyekiti au benki. Ukipotea, hakuna wa kumpigia simu. Nakala zote zinageuka takataka siku hiyohiyo.

Hii ndiyo skripti nzima ya chama chetu. Ni fupi, na karibu kila mstari upo kwa sababu ya ajali fulani.

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
export PATH=/usr/local/bin:/usr/bin:/bin
export TZ=Africa/Dar_es_Salaam
F=/var/nakala/chama-$(date +%F).dump.age
B=s3://nakala-za-chama

pg_dump -Fc chama | age -R /etc/nakala/wazi.txt -o "$F"
[ "$(stat -c %s "$F")" -gt 500000000 ]

aws s3 cp "$F" "$B/kila-siku/"
if [ "$(date +%u)" = 7 ]; then aws s3 cp "$F" "$B/kila-wiki/"; fi
if [ "$(date +%d)" = 01 ]; then aws s3 cp "$F" "$B/kila-mwezi/"; fi
rm "$F"
curl -fsS https://hc-ping.com/KITAMBULISHO
```

Mstari wa pili ndio wenye uzito kuliko yote. Tazama kinachotokea bila neno `pipefail`. `pg_dump` inasukuma data kwenda kwa `age` kupitia bomba, yaani ile alama ya mstari wima. Tuseme hifadhidata imekatika katikati ya kazi, au programu imekataa kuanza kama ilivyokuwa kwa GitLab. `age` haijui hayo. Inachoona ni kwamba data imeisha, basi inafunga faili vizuri, inaweka muhuri wake, inaondoka kwa amani. Seva huangalia matokeo ya programu ya mwisho kwenye bomba tu, hivyo inaamini kazi imefanikiwa. Kwenye ghala inaingia faili iliyosimbwa kihalali, yenye jina sahihi na tarehe sahihi, ambayo ndani yake mna nusu ya hifadhidata au hamna kitu kabisa. Ukisimba utupu kwa ufunguo mmoja wa `age` unapata faili ya baiti 200. `pipefail` huilazimisha seva kuhesabu kushindwa kwa yeyote aliyeko kwenye bomba, na herufi `e` huisimamisha skripti papo hapo.

Mstari wa kupima ukubwa ni mlinzi wa pili. Nakala ya kawaida ni megabaiti 900, kwa hiyo chochote kisichozidi 500 kina kasoro, na skripti husimama kabla ya kutuma. Ndiyo sababu nakala inaandikwa kwanza kwenye diski badala ya kumiminwa moja kwa moja ghalani: ukiimimina, utagundua kuwa ni mbovu ilhali tayari imeshapokewa na kuonekana kama nzima. Bei yake ni nafasi kidogo ya diski, na ndiyo maana faili inafutwa ikishatumwa. Diski ya seva ya hifadhidata ikijaa, PostgreSQL yenyewe husimama.

Mistari ya `PATH` na `TZ` inahusu kitu kinachowasumbua sana mafundi wapya. Skripti huanzishwa na ratiba ya `cron`, na `cron` haina mazingira uliyonayo wewe ukiwa umeingia kwenye seva. Mara nyingi hutafuta programu ndani ya `/usr/bin` na `/bin` tu. Ikiwa `aws` imewekwa `/usr/local/bin`, skripti itakwenda vizuri ukiijaribu mchana kwa mkono, halafu itashindwa kila usiku. Nayo saa ya seva za kukodi mara nyingi huwekwa kwenye saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa nane usiku kwetu kwao ni saa 23:00 ya siku iliyotangulia, na mstari wa ratiba unaandikwa hivi:

```
0 23 * * * /usr/local/bin/nakala.sh
```

Bila kuitaja Dar es Salaam ndani ya skripti, nakala ya alfajiri ya Jumatatu ingeandikwa tarehe ya Jumapili. Hilo laweza kuonekana dogo mpaka siku ya tukio, ambapo watu wenye hofu wanabishana kama faili hii ina marejesho ya jana au ya juzi.

Sasa tuje kwenye kufuta. Ukitunza kila usiku kwa mwaka mmoja, nakala 365 za megabaiti 900 ni kama gigabaiti 328. Kwa bei ya daraja la kawaida la S3 huko Virginia, senti 2.3 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi, hiyo ni dola saba na nusu kila mwezi, na hifadhidata inazidi kunenepa. Fedha si sababu pekee. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, hazitaki taarifa za mtu zikae muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mwanachama aliyejitoa na kufutwa kwenye daftari hafai kuendelea kuishi kwenye nakala za miaka kumi.

Njia ambayo fundi huifikiria kwanza ni mstari mmoja ndani ya skripti: futa kila kitu kilichozidi siku saba. Ni rahisi na ni hatari. Nakala zikiacha kutoka tarehe mosi bila mtu kujua, kazi ya kufuta itaendelea usiku kwa usiku, na baada ya siku kama nane ghala litakuwa tupu. Mfumo utakuwa umefanya sawasawa ulichouagiza. Wengine huponya hilo kwa kufuta kwa idadi badala ya umri: bakiza faili saba za mwisho, hata zikiwa za mwaka jana. Ni afadhali, lakini kuna tatizo jingine. Ili seva ifute, lazima ipewe ruhusa ya kufuta. Na wahalifu wanaofunga kompyuta za watu ili walipwe fidia huanza kwa kutafuta nakala. Wakiikuta seva yenye ruhusa hiyo, wanafuta ghala kwanza, ndipo wanafunga hifadhidata.

Kwa hiyo chama chetu kinaitenganisha kazi hiyo. Seva ina ruhusa moja tu, ya kuweka faili. Haiwezi kusoma wala kufuta. Kufuta kunafanywa na ghala lenyewe, kwa kanuni za umri zilizowekwa kwenye baketi na mtu mwenye akaunti tofauti: faili za `kila-siku/` hukaa siku 14, za `kila-wiki/` siku 60, za `kila-mwezi/` siku 400. Wakati wowote kuna nakala kama 35, jumla gigabaiti 32 hivi, na gharama haifiki dola moja kwa mwezi. Unaweza kurudi siku yoyote ya wiki mbili zilizopita, Jumapili yoyote ya miezi miwili, au tarehe mosi ya mwezi wowote wa mwaka. Hii ya mwisho ina maana kwa chama cha fedha, kwa kuwa wizi wa ndani au hitilafu ya hesabu yaweza kukaa miezi kabla ya kuonekana, na wakati huo nakala zote za wiki mbili zilizopita zimeshabeba kosa lilelile.

Mtu makini atauliza: je, kanuni za umri si ndizo tulizozisema kuwa ni hatari? Ni kweli, na hakuna njia isiyo na gharama. Ila hapa nakala zikikatika, za kila siku huisha baada ya wiki mbili, za wiki hudumu miezi miwili, na za mwezi zaidi ya mwaka. Chama kinapata muda wa kushtuka, na kitu cha kurudia kinakuwepo muda wote huo. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba mtu anashtuka mapema.

Kabla ya hapo, kuna mitego miwili ya ghala lenyewe. Ruhusa ya kuweka faili ni pia ruhusa ya kuweka faili juu ya nyingine yenye jina lilelile, kwa hiyo mhalifu asiyeweza kufuta anaweza kufunika nakala nzuri kwa takataka. Dawa ni kuwasha utunzaji wa matoleo kwenye baketi, ambapo faili iliyofunikwa hubaki chini kama toleo la zamani, na kuongeza kufuli ya siku 14 ambayo ndani ya muda wake toleo halifutiki. Kufuli hiyo ikiwekwa kwa daraja kali zaidi, hata mwenye akaunti hawezi kuifungua, kwa hiyo fanya hesabu ya siku kabla ya kuiwasha. Mtego wa pili unafuata hapo: matoleo yakiwashwa, kanuni ya umri haifuti kitu kwa kweli. Inaweka alama tu kwamba faili imefutwa, na toleo la chini linaendelea kukaa na kutozwa. Baketi inaonekana safi huku bili inapanda. Lazima iongezwe kanuni nyingine ya kuondoa matoleo yasiyotumika, tuseme baada ya siku moja, na ya kusafisha vipande vya faili ambazo utumaji wake ulikatika njiani.

Nani anashtuka? GitLab walitegemea barua ya kosa, na barua haikufika. Udhaifu uko kwenye wazo lenyewe: mfumo unaotoa taarifa pale tu unaposhindwa hauwezi kutofautishwa na mfumo uliokufa kabisa. Seva ikizimwa, haitaandika barua ya kusema imezimwa. Mstari wa mwisho wa skripti yetu unageuza mambo. Hufikiwa tu ikiwa kila kilichotangulia kimefanikiwa, na hupeleka salamu kwa huduma ya nje, hapa Healthchecks.io, ambayo imeambiwa itegemee salamu kila baada ya saa 24. Ikipita saa mbili juu ya hapo bila salamu, huduma hiyo ndiyo inayopiga kelele. Kelele hizo ziende kwa watu wawili, na angalau mmoja azipate kwa simu badala ya barua pepe.

Hata salamu ikifika kila asubuhi, hujajua bado kama nakala inafunguka. Seva haiwezi kujibu swali hilo, kwa sababu haina ufunguo wa siri. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi mtu hukaa kwenye kompyuta nyingine, akiwa na ufunguo uliotoka kwenye sefu, na kuirudisha nakala yote:

```
age -d -i siri.txt -o chama.dump chama-2025-03-02.dump.age
createdb jaribio
pg_restore --exit-on-error -d jaribio chama.dump
psql jaribio -c "SELECT count(*), max(tarehe) FROM miamala"
```

Wapo wanaoridhika na `pg_restore --list`, ambayo huorodhesha majedwali bila kurudisha kitu. Haitoshi. Orodha hiyo imeandikwa mwanzoni mwa faili, kwa hiyo hata nakala iliyokatika katikati yaweza kuionyesha yote huku data ya majedwali ya mwisho haimo. Rudisha kila kitu, kisha soma majibu ya amri ya mwisho: idadi ya miamala ilingane na vitabu, na muamala wa mwisho uwe wa usiku uliotangulia nakala. Pima pia muda uliotumika, maana huo ndio utakaowaambia wanachama siku ya msiba. Jambo moja huwakwamisha wengi katika zoezi la kwanza: `pg_dump` haibebi majina ya watumiaji wa hifadhidata wala nywila zao. Hao hutolewa kwa `pg_dumpall --globals-only`, na faili yake ndogo isimbwe na kutumwa pamoja na nyingine.

Utaratibu huu una mpaka wake. Seva ikiungua saa moja jioni, kila kilichoingia tangu saa nane usiku kimekwenda. Chama chenye stakabadhi za karatasi na taarifa za miamala ya simu kinaweza kuiandika upya siku hiyo moja kwa mkono. Hospitali au benki haiwezi, nayo inahitaji njia nyingine, ya kutuma mabadiliko kila dakika.

Kama wewe ni mwanachama, mjumbe wa bodi au mwenye biashara, huhitaji kuelewa amri hizi ili uulize maswali matatu kwa anayekutunzia mfumo. Nakala ya jana usiku ina ukubwa gani, na ya juzi je? Ufunguo wa siri uko wapi, na nani mwingine anaweza kuufikia? Mara ya mwisho mlirudisha nakala nzima ni lini, na mlihesabu nini? Akisita kwenye la tatu, omba zoezi lifanyike wiki hii, nawe uwepo.